Wazazi wakiomba chumba cha kusomea, barua ianze na hofu za mwalimu mkuu

Barua nyingi za kamati za wazazi kwenda kwa mwalimu mkuu hufia kwenye faili, na mara nyingi kosa si la mwalimu. Juu huandikwa "Yah: Maombi ya chumba cha kusomea". Zinafuata sentensi tatu kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, kisha ombi lenyewe kwa mstari mmoja, kisha "Wako katika ujenzi wa Taifa" na sahihi saba. Mwalimu mkuu anaisoma, anasema atalifanyia kazi, na mwaka unapita.

Katika barua ya namna hiyo hakuna palipoandikwa ni chumba kipi, nani atashika ufunguo, vitabu vitatoka wapi, wala nani ataulizwa vikipotea. Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Namanga kila wiki asingempa mtu nusu ya stoo yake kwa karatasi ya hivyo, hata kama mwombaji ni jirani. Lakini akiwa mzazi, mtu huyohuyo anategemea mwalimu mkuu atoe chumba cha Serikali kwa maneno mazuri tu.

Jambo lenyewe linawagusa wafanyabiashara wa mpakani kuliko wengi. Mama wa nyanya na vitunguu anaondoka kabla ya alfajiri na pengine anarudi jua likizama, kutegemea foleni ya forodha na bei ya siku hiyo. Mtoto wa darasa la tatu anatoka darasani mchana. Kati ya saa hiyo na saa ya mama kurudi, yuko stendi, yuko kwenye magari ya mizigo, au anabadilishiwa hela na vijana wa mpakani. Chumba chenye mkeka na vitabu 120 hakimalizi tatizo hilo lote, lakini kinampa mahali pa kuwa kwa dakika arobaini, na kitu cha kushika ambacho si mfuko wa mtu.

Chukulia shule ya msingi ya Serikali upande wa Tanzania, karibu na mpaka, yenye wanafunzi 600. Ni shule ya mfano, lakini hesabu zake ni za kweli. Ruzuku ya uendeshaji chini ya elimu bila malipo ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu vya kiada na 6,000 huja shuleni, yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule hii basi inapata kama shilingi 300,000 kwa mwezi, na ndani yake mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo na mengine yote. Kamati ikiandika "tunaomba shule itutengenezee kona ya kusomea yenye rafu na vitabu", imeomba kitu ambacho mwalimu mkuu hana. Atajibu kwa adabu kwamba bajeti hairuhusu, na atakuwa amesema kweli.

Kwa hiyo barua isiombe vitu. Iombe chumba peke yake, na ieleze kwamba vingine vyote vitaletwa. Na hapo ndipo inapoigusa hofu ya kwanza ya mwalimu mkuu, ambayo wazazi wengi hawaioni: michango.

Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango katika shule za Serikali, na tangu hapo mwalimu mkuu yeyote mwenye akili timamu hushtuka akisikia neno hilo. Mtoto mmoja akirudi nyumbani na kusema ametumwa shilingi 1,000 ya kitabu, simu inaweza kupigwa kwa mkurugenzi wa halmashauri siku hiyohiyo. Atakayeitwa kujieleza si kamati, ni mwalimu mkuu. Ndiyo maana aya ya kwanza ya barua, kabla hata ya kutaja chumba, inapaswa kumtoa wasiwasi huo. Inaweza kusomeka hivi:

"Hakuna mwanafunzi atakayetumwa fedha wala kitabu kwa ajili ya chumba hiki. Hakuna mwalimu atakayekusanya chochote. Kila kitakacholetwa kitakuwa kitu, si fedha, kitaletwa na mzazi mwenyewe kwa hiari, na kitaandikwa kwenye daftari la mali ya shule siku ya kupokelewa, mbele ya mwenyekiti wa Kamati ya Shule. Mtoto ambaye mzazi wake hakuleta kitu atasoma sawa na mwingine yeyote."

Sentensi ya mwisho isionekane ya mapambo. Mpakani wazazi hawalingani: kuna mwenye lori na kuna mwenye beseni la kichwani. Mwenye lori akileta rafu nzima, ni rahisi mwanawe kuanza kuwaambia wenzake kwamba chumba ni cha baba yake. Ikishaandikwa kwenye barua, mwalimu ana pa kushika siku hiyo ikifika.

Hofu ya pili ni chumba chenyewe. Shule nyingi za mpakani zimejaa, na shule inayosomesha kwa zamu mbili haina chumba cha kutoa, wazazi wakubali hilo mapema. Lakini wajumbe wa kamati wakizunguka mazingira ya shule kabla ya kuandika, mara nyingi wataona chumba kimoja ambacho hakisomewi: stoo ya madawati mabovu. Kina mlango wa bati, dirisha moja dogo, na ndani miguu ya madawati imepandana hadi darini. Hiki ndicho cha kuombwa, na kitajwe kwa mahali kilipo, "stoo iliyo mwisho wa jengo la darasa la kwanza", ili mwalimu mkuu asianze kuwaza kwamba wazazi wanataka darasa.

Tatizo la stoo ni madawati. Wazazi huona takataka, lakini mwalimu mkuu anaona mali ya umma iliyo kwenye leja. Hawezi kuyatupa wala kuyachoma kuni bila utaratibu wa halmashauri wa kufuta mali chakavu, na utaratibu huo haufanyiki kwa wiki moja. Barua inayosema "yale madawati yaondolewe" imemwongezea mzigo. Inayosema "tutaleta fundi seremala, yatakayotengenezeka yatarudi darasani, na yasiyotengenezeka yatahesabiwa na kupangwa nyuma ya jengo chini ya turubai mpaka yafutwe kwa utaratibu" imempunguzia. Shule yenye watoto wanaobanana wanne kwenye dawati moja ikipata madawati kumi yaliyopona, mwalimu mkuu ameshapata faida kabla kitabu cha kwanza hakijaingia. Kwa wafanyabiashara hili halihitaji kufundishwa: anayekuja kuomba aje na kitu mkononi.

Chumba kipimwe. Tuseme stoo hiyo ni mita tano kwa sita, yaani mita za mraba 30. Rafu zikikaa ukuta mmoja na mlango ukiachiwa nafasi, watoto 25 wanaweza kukaa kwenye mikeka bila kugusana magoti. Wakiwa 50, inakuwa kelele tu. Hapa kamati nyingi huharibu kwa kutaka shule nzima iingie. Wanafunzi 600 hawawezi kugawana chumba cha watoto 25, na chumba kinachoahidiwa kwa wote huishia kuwa cha darasa la saba, kwa kuwa wao ndio wenye mtihani.

Afadhali barua ichague. Darasa la pili, la tatu na la nne ndiyo miaka ambayo mtoto ama anakwenda kutoka kutamka silabi hadi kufuata kisa, ama anakwama. Katika shule ya mfano, darasa la pili lina watoto 100, la tatu 75 na la nne 75. Jumla 250, yaani makundi kumi ya watoto 25. Vipindi viwili vya dakika 40 kila siku baada ya masomo, mara siku tano, ni vipindi kumi. Kila mtoto anapata zamu moja kwa wiki, na hakuna kipindi cha darasani kilichoguswa. Hesabu hii ikiwekwa ndani ya barua kama jedwali dogo, mwalimu wa taaluma hana haja ya kubadili ratiba yake, na kwa kawaida yeye ndiye wa kwanza kupinga.

Wapo watakaosema zamu moja kwa wiki ni kidogo. Ni kidogo kweli. Lakini kwa mtoto ambaye kitabu pekee anachokijua ni cha kiada kinachogawiwa watatu kwa kimoja na kurudishwa kabatini kengele ikilia, ni mara ya kwanza anachagua mwenyewe cha kusoma. Na chumba kikionekana kinafanya kazi kwa watoto 250, kuomba zaidi ni rahisi. Upande wa Tanzania kuna jambo la kuliweka akilini. Kwa mpango wa sasa elimu ya msingi inapunguzwa kuwa miaka sita, na Januari 2028 darasa la sita na la saba la mwaka 2027 wanatarajiwa kuingia sekondari kwa pamoja. Shule za msingi zitabaki na darasa moja pungufu. Kamati ambayo tayari ina daftari linaloonyesha kazi ya stoo itakuwa mbele kwenye mstari wa kuomba darasa litakalobaki wazi, ingawa uhaba uliopo huenda ukakila chumba hicho mara moja.

Mwanga ni jambo dogo linaloua vyumba vingi. Mjumbe mmoja aingie stoo saa nane mchana na gazeti, akae kona ya mbali na dirisha, ajaribu kusoma habari ndogo za ukurasa wa ndani. Asipoona, watoto nao hawataona, na watabanana mlangoni. Dawa rahisi ni kubadili bati moja la paa kwa lile linalopitisha mwanga. Kwa kuwa hilo ni kugusa jengo, liandikwe kwenye ombi, lisifanywe kimyakimya. Rafu ziwe fupi, zisizozidi kimo cha mtoto wa darasa la pili, na vitabu vikae sura ikitazama nje kama bidhaa dukani, kwa sababu mtoto huchagua kwa picha. Zisiegemezwe ukutani wala zisikae chini. Ziachwe nafasi ya kiganja pande zote mbili, ili mchwa akianza kujenga njia ya udongo aonekane. Mchwa akifichwa na rafu, kamati itagundua siku karatasi zimekwisha.

Hofu ya tatu, na pengine kubwa kuliko zote, ni vitabu kupotea. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki vitabu vya hadithi vilivyotolewa na wafadhili viko ofisini kwa mwalimu mkuu, kwenye maboksi, visafi kabisa. Mkaguzi akija vinahesabika, na hakuna kilichopungua. Mwalimu mkuu haviweki kabatini kwa ubahili. Kila kitabu kimesainiwa kwa jina lake, na kitabu kilicho mikononi mwa watoto ni kitabu kinachoweza kupungua.

Hapa wafanyabiashara wana la kumfundisha mwalimu. Anayesafirisha nyanya kutoka Arusha kwenda Nairobi anajua kwamba tenga moja moja litaoza njiani. Hasemi kwa sababu hiyo nyanya zisisafiri. Anaingiza hasara kwenye hesabu mapema. Barua ifanye vivyo hivyo: iseme wazi kwamba katika vitabu 120, kamati inakubali mpaka 12 kuchanika au kupotea kwa mwaka, kwamba hakuna mwalimu wala mtoto atakayelipishwa kwa hivyo, na kwamba kamati itaviziba mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Vikipotea zaidi ya 12, kamati na mwalimu mkuu wanakaa na kutazama daftari. Sentensi mbili hizi zinambadilisha mwalimu mkuu kutoka mlinzi kuwa mwenye chumba, na barua isiyokuwa nazo haina haja ya kupelekwa.

Kutoza faini mtoto aliyepoteza kitabu kusikubaliwe hata kidogo. Faini moja tu ikisikika, wazazi wenye uwezo mdogo watawaambia watoto wao wasiguse vitabu vya shule. Muhula wa kwanza vitabu visomwe humohumo chumbani. Kuazima kwenda nyumbani kuanze muhula wa pili, Ijumaa kwa Jumatatu, kitabu kimoja kwa mtoto.

Vitabu 120 ni vipi hivyo? Watoto 25 wakiingia, kila mmoja anatakiwa awe na karibu vitano vya kuchagua, vinginevyo wa nyuma mlangoni watabaki na visivyotakiwa. Majina 60, nakala mbili mbili, yanatosha. Viwe vya hadithi na maarifa mafupi, kurasa 16 hadi 32, vyenye picha. Vitabu chakavu vya kiada visihesabiwe. Mzazi anayeleta kiada cha mtaala wa zamani cha kaka mtu anataka kusafisha kabati lake, na chumba kilichojaa vitabu vya namna hiyo ni stoo ileile yenye mkeka. Migongo ya vitabu ibandikwe utepe wa rangi tatu: vyenye sentensi moja kwa ukurasa, vyenye aya fupi, na vyenye sura. Mtoto apewe kipimo cha vidole: afungue ukurasa wowote, kwa kila neno asilolijua akunje kidole. Mkono ukijaa kabla ukurasa haujaisha, arudi rangi ya chini.

Wakazi wa mpakani wana bahati hapa, kwa sababu Kiswahili cha kusomea watoto kinachapishwa pande zote mbili. Mtoto wa Namanga hatapotea akikuta matatu badala ya daladala au karo badala ya ada, na pengine atafurahi, kwa kuwa ameshayasikia yote mawili sokoni. Kuna pia hadithi za bure kwenye African Storybook, zenye leseni inayoruhusu kuchapishwa na kuzidishwa nakala, zikiwamo nyingi za Kiswahili. Kadi ngumu ya jalada na stepla mbili zinatosha kuzifanya kitabu. Anayevuka na boksi la vitabu vilivyochapwa ajue kwamba chini ya Ushuru wa Pamoja wa Nje wa Jumuiya, ushuru wa forodha wa vitabu ni asilimia 0. Lakini atamke mzigo na awe na risiti, kwa sababu boksi la vitabu lililofichwa chini ya maharage linageuka magendo kama magendo mengine. Bei nayo ilinganishwe: Kenya ilivitoza vitabu VAT ya asilimia 16 kwa sheria ya mwaka 2013, na wauzaji huiweka ndani ya bei.

Palipo na uhuru wa kuleta vitabu pana hofu ya nne. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku orodha ya vitabu mashuleni kwa maelezo kwamba vinakiuka maadili, na baadhi vilikuwa vya watoto, vyenye majina makubwa duniani. Mtu anaweza kuukubali au kuukataa uamuzi ule, lakini mwalimu mkuu hana nafasi ya kubishana nao. Barua basi isidai haki ya wazazi kujaza rafu wanavyotaka. Iseme kwamba hakuna kitabu kitakachowekwa kabla mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua hajakipitia na kukipiga muhuri wa shule, na kwamba atakachokikataa kitarudi kwa aliyekileta bila maswali. Wapo wazazi watakaoona hapa wamejishusha. Hawajajishusha. Wameomba chumba chake, na jina lake ndilo litakaloandikwa likitokea la kutokea.

Inabaki ufunguo. Ufunguo mmoja ukikaa kwa mwalimu mkuu, chumba kitafungwa kila anapoitwa halmashauri. Ukikaa kwa mzazi, kitafungwa siku ya gulio. Ziwe funguo mbili: moja kwa mwalimu mlezi wa chumba, ya pili ofisini kwenye ndoano, iandikwe anayeichukua na saa. Vipindi kumi kwa wiki vinahitaji watu, na walimu wa shule yenye watoto 600 wamechoka tayari ifikapo saa nane. Kamati itoe orodha ya wazazi ishirini, wawili kwa kila kipindi, na majina yapangwe kwa kufuata siku za safari za kila mmoja. Anayejua kwamba Jumanne yuko Kajiado asijiandike Jumanne kwa haya. Wawe wawili daima, mlango ukiwa wazi, na mwalimu mmoja akiwa bado shuleni. Mtu mzima asikae peke yake na watoto ndani ya chumba, hata akiwa mwenyekiti wa kamati. Kazi yao si kufundisha. Ni kuandika majina, kumsikiliza mtoto anayetaka kusoma kwa sauti, na kuhesabu vitabu kabla ya kufunga. Bibi asiyejua kusoma anaweza kuifanya kazi ya kusikiliza vizuri kuliko mwalimu mwenye haraka, kwa kuwa yeye anataka kweli kujua sungura alifanyaje.

Njia ya kuipeleka barua nayo ina maana yake. Katika shule za msingi za Serikali Tanzania mwalimu mkuu ni katibu wa Kamati ya Shule, kwa hiyo barua ya wazazi ikimfikia, yeye ndiye atakayeipeleka mezani. Ipitie kwa mwenyekiti wa kamati hiyo, iambatane na muhtasari wa kikao cha wazazi wenye sahihi, na nakala iende kwa Afisa Elimu Kata. Iishie hapo. Kamati zenye hasira hupenda kuandika "Nakala: Mkuu wa Wilaya" chini ya ombi la kwanza, na mwalimu mkuu akiona mstari huo anasoma barua nzima kama mashtaka.

Upande wa Kenya mlango ni mwingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inatambua Chama cha Wazazi, lakini mwenye mamlaka juu ya mali za shule ni Bodi ya Usimamizi, ambayo mwalimu mkuu ni katibu wake. Huko vyumba vimekuwa adimu zaidi tangu Januari 2023, gredi ya saba ilipoanza kusomea ndani ya shule za msingi. Kamati ya Namanga ya Kenya huenda ikalazimika kuomba kabati lenye magurudumu na pembe ya darasa la gredi ya pili baada ya masomo, badala ya chumba. Hesabu ya makundi, hasara ya vitabu na funguo mbili hazibadiliki.

Barua iweke pia tarehe ya kuvunja mapatano. Chumba kiombwe kwa mihula miwili, si milele. Kirudishwe siku za mtihani wa Taifa wa darasa la saba mwezi Septemba ikiwa shule itakihitaji, na kirudishwe moja kwa moja ikiwa daftari litaonyesha vipindi visivyofika nusu vilifanyika. Mwalimu mkuu hutoa kwa urahisi zaidi kitu anachojua namna ya kukirudisha.

Na daftari hilo lisomwe kwa jicho la mtu aliyezoea kukagua leja za wengine. Majina ya wiki nzima yakiwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, yameandikwa siku moja. Vitabu vyenye utepe wa rangi ya kwanza vikiwa bado vinang'aa baada ya muhula, watoto wa darasa la pili hawaingii, au wanaingia na kukalishwa kimya. Ukikuta gunia la mahindi ya uji wa shule limeegemezwa kwenye rafu, chumba kimeanza kurudi kuwa stoo, na inafaa mjumbe amwendee mwalimu mkuu jioni hiyohiyo, kabla la pili halijaletwa.